Jua la Kisumu na Kivuli cha Saa Nne

Shemeji yangu hupiga picha kila karatasi anayopewa, iwe risiti ya sukari au barua ya shule. Mwezi wa pili alinitumia picha ya majibu ya maabara. Vitamini D: 16. Pembeni mashine ilikuwa imechora mshale mdogo wa kushuka. Chini ya picha aliandika, "Shem, hii ni Kisumu ama ni Uingereza?" Kabla sijajibu, ujumbe wa pili ukaingia: "Ni ile krimu ya jua, sindio? Niiache?"

Mimi si daktari, nauza dawa, ingawa nyumbani kwetu tofauti hiyo haitambuliki. Swali lake nimeulizwa kaunta mara nyingi mno kiasi kwamba nimeona heri nilijibu mara moja kwa maandishi. Watu weusi tunapokea maonyo mawili yanayopingana. La kwanza linatuambia tujikinge na jua, tupake krimu ya SPF 50 kila asubuhi hata tukiwa ndani. La pili linatuambia ngozi yetu inachelewa kutengeneza vitamini D, kwa hiyo tulitafute jua. Aliyesikia yote mawili siku moja hawezi kujua ashike lipi.

Jibu langu kwa shemeji lilikuwa kwamba krimu haina hatia, au ina hatia ndogo sana. Ili nimwonyeshe mwenye hatia ilinibidi nimwombe anisimulie siku yake.

Anatoka nyumbani Mamboleo saa kumi na mbili unusu, jua halijachomoza sawasawa. Anapanda matatu, anakaa kando ya dirisha. Kabla ya saa mbili yuko dukani mjini, duka la simu lenye ukuta wa kioo upande wote wa mbele. Chakula cha mchana analetewa pale pale, wali na maharagwe kwenye kontena, anakula nyuma ya kaunta. Anafunga saa kumi na moja na nusu. Jumapili anaenda kanisani kwa gari la jirani, mikono mirefu, sketi ya kufika kwenye vifundo. Nilipomuuliza ni lini mara ya mwisho jua la mchana lilimpiga kwenye mikono mitupu, alifikiri kidogo akasema Krismasi, alipokwenda kwao Siaya.

Hapo ndipo penye hatia.

Vitamini D haitoki kwenye jua kama maji yatokavyo bombani. Inatengenezwa ndani ya ngozi, kutokana na kitu cha jamii ya kolesteroli kilichomo humo, kinapopigwa na miale inayoitwa UVB. Miale hiyo ni sehemu ndogo sana ya jua na ina tabia mbili zinazoharibu hesabu za watu. Ya kwanza, haipiti kwenye kioo cha kawaida. Ndugu yake, UVA, hupita. Kwa hiyo dereva wa matatu anaweza kuwa na mkono wa kulia uliokolea weusi kuliko wa kushoto kwa sababu ya dirisha, na shemeji anaweza kukaa siku nzima mbele ya kioo akiunguzwa na mwanga hadi macho yanauma, na wote wawili wasipate vitamini hata tone. Weusi unaongezeka, madoa yanaongezeka, vitamini haiji. Biashara mbaya kuliko hiyo sijaiona.

Tabia ya pili ni kwamba UVB hunyonywa na anga. Jua likiwa chini, miale inakuja kwa mshazari, inasafiri njia ndefu ndani ya hewa, na UVB inaishia njiani. Jua likiwa utosini, njia ni fupi na UVB inafika. Hapa ndipo ninapogombana na wauguzi, watu ninaowaheshimu. Karibu kila mama aliyewahi kupeleka mtoto kliniki huku kwetu ameambiwa, "Mama, mwanike mtoto jua la asubuhi, saa moja mpaka saa mbili, kabla halijawa kali." Ni ushauri wenye huruma. Lakini jua la saa moja lina joto la kupendeza, lina mwanga wa kusomea gazeti, na halina karibu UVB yoyote.

Sikutaka kubishana kwa maneno. Jumamosi moja mwishoni mwa Machi nilisimamisha mpini wa fagio wenye urefu wa mita moja uani nyuma ya duka langu, nikawa natoka kupima kivuli chake kila wateja walipopungua. Saa mbili asubuhi kivuli kilikuwa mita tatu. Saa tatu, mita moja na nusu. Saa nne, sentimita 90, yaani kimeshakuwa kifupi kuliko mpini wenyewe. Saa saba kasoro robo mchana kivuli kilikuwa kimejikunja chini ya fagio, sentimita chache tu, mtoto wa jirani akaja kuuliza kama nimeanza uganga. Saa kumi kilikuwa kimerefuka kupita mpini. Saa kumi na moja, karibu mita mbili.

Kanuni wanayotumia watu wa fani hii ni rahisi: kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, UVB ya kutosha inafika. Kikiwa kirefu kuliko wewe, inapungua haraka, na kikiwa mara mbili au tatu ya kimo chako unaota joto tu. Simu nyingi siku hizi zina kipimo hicho kwenye ukurasa wa hali ya hewa, kimeandikwa UV Index. Kikiwa chini ya 3, ngozi haifanyi kazi ya maana. Saa mbili Kisumu kinasoma 1 au 2. Saa nne kinafika 6 au 7. Adhuhuri kinapita 11, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakiita cha kupindukia.

Kuna jambo la saa ambalo wengi hatulifikirii. Saa zetu za Afrika Mashariki zimepangwa kwa mstari unaopita mbali mashariki kwetu, baharini kuelekea Somalia. Kisumu iko magharibi ya mstari huo kwa zaidi ya nyuzi 10, kwa hiyo jua letu halifiki utosini saa sita kamili bali kama dakika 40 baadaye. Dirisha lote la UVB, yaani muda ambao inatufikia ya kutosha, husogea mbele. Machi na Septemba kivuli ni kifupi kuliko mtu tangu saa nne kasoro dakika 20 hivi hadi saa kumi kasoro dakika 20. Juni na Desemba linasinyaa kidogo, kutoka saa nne na dakika chache hadi saa tisa na robo. Sisi tunaokaa karibu na ikweta hatuna msimu wa kukosa vitamini kama wenzetu wa Ulaya, ambao miezi ya baridi jua lao haliwafanyii kitu. Tuna dirisha hilo kila siku ya mwaka. Ila ndio muda ule ule tunaokuwa ofisini, darasani, dukani.

Wa Nakuru wana mtego wao. Mji ule uko juu kuliko Kisumu kwa mita kama 700, na UV huongezeka takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Jua lao ni kali kuliko letu. Lakini upepo ni wa baridi, na mtu wa Nakuru anatembea saa saba mchana na koti limefungwa hadi shingoni. Kipimo cha ngozi cha jua si joto.

Turudi kwenye ngozi yenyewe. Melanini, ile rangi inayotufanya tuwe weusi, hunyonya UVB kabla haijafika pale vitamini inapotengenezwa. Haizuii, inachelewesha. Watafiti wa Manchester walikadiria kwamba kiangazi cha kwao, wakati wa mchana, Mzungu aliyekunja mikono ya shati na kuvaa kaptura anahitaji kama dakika 9 kwa siku, na mtu mwenye ngozi ya kahawia ya Asia Kusini kama dakika 25. Na hesabu yao ilikuwa ya kuweka akiba: wanakusanya ya kiangazi ili iwafikishe mwisho wa baridi. Sisi hatuna baridi ya kuwekea akiba.

Sasa angalia: jua la Manchester la adhuhuri ya kiangazi lina kipimo cha 6 au 7. Hilo ni jua letu la saa nne, wakati wa chai. Ngozi ya shemeji ni nyeusi kuliko ya yule wa Asia Kusini, basi tumwongezee. Nusu saa ya saa nne, mikono hadi viwiko na miguu hadi magotini, siku nyingi za wiki. Au robo saa hivi ya adhuhuri, ambayo kwa joto la Kisumu sitaipendekeza kwa mtu mwenye kazi ya kurudi kaunta akiwa hajaloa jasho. Ni makadirio yangu ya mkono, si ya maabara, lakini yanaonyesha ukubwa wa jambo. Tunazungumzia dakika. Anayelima, anayeuza mboga Kibuye nje ya kibanda, anayeanika omena Dunga, wote wamemaliza hesabu hii kabla hawajaifikiria.

Ushahidi kwamba weusi peke yake hauleti upungufu upo hapa jirani. Mwaka 2012 watafiti walichapisha vipimo vya damu vya Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania, watu weusi wanaoishi nje mchana kutwa. Wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita. Kwa kipimo cha karatasi ya shemeji, nanogramu kwa mililita, ambacho maabara zetu nyingi hutumia, hiyo ni 46. Yeye alikuwa na 16. Ngozi ni ile ile au karibu sana. Tofauti ni paa na kioo. Na jua halimzidishii mtu vitamini hadi ikawa sumu: ukipita kiasi, ngozi inaanza kugeuza ziada kuwa vitu visivyofanya kazi. Wamasai hao hawakuwa wamepita mpaka wowote wa hatari.

Uchambuzi mkubwa wa tafiti za Afrika uliochapishwa mwaka 2020, ulioongozwa na mtafiti wa Kenya kutoka Kilifi, ulikuta takriban mtu mmoja katika watatu yuko chini ya nanomoli 50, yaani 20 kwa kipimo chetu. Waliokuwa chini zaidi ni wanawake kuliko wanaume, na watu wa mjini kuliko wa kijijini. Timu hiyo hiyo ilipopima watoto wadogo wa nchi tano, Kenya na Uganda zikiwemo, waliokuwa chini ya mstari huo hawakufika asilimia 8. Watoto wanacheza nje. Halafu wanakua, wanapata kazi nzuri.

Sasa krimu. Shemeji haipaki kwa mbwembwe. Alipokuwa na mimba ya pili alitokewa na mabaka ya kahawia kwenye mashavu na juu ya mdomo, yale yanayoitwa melasma, na hayakuondoka. Mwanga unayakoleza. Kwake krimu ni dawa, na angekosea kuiacha.

Lakini krimu hiyo ingewezaje kumnyima vitamini? Uso ni kama sehemu moja katika ishirini na tano ya ngozi yote ya mwili. Mikono kuanzia viwiko na miguu kuanzia magoti ni karibu robo. Anaweza kuuficha uso wake usione jua hadi siku ya kiyama na bado mikono na miguu ikamaliza kazi. Halafu nikamuuliza chupa yake ya mililita 50 inadumu muda gani. Akasema kwa fahari, miezi minane. Piga hesabu: uso na shingo vinahitaji kama mililita moja kila mara, mistari miwili iliyojaa kwenye vidole viwili. Chupa ilipaswa kuisha ndani ya wiki saba. Yeye alikuwa anapaka moja ya tano ya kiasi kile. Namba 50 iliyoandikwa kwenye chupa ilipatikana maabara kwa kupaka safu nene; ukipaka utando, unapata kinga ya utando. Kwa hiyo krimu ile haikuwa inazuia vitamini, na wala haikuwa inazuia mabaka. Ndiyo maana alikuwa analalamika kwamba haifanyi kazi.

Na kuna kosa lingine lililofichika zaidi. Kwa ngozi nyeusi, melasma haikolezwi na UV pekee. Mwanga wa kawaida unaoonekana, hasa sehemu yake ya samawati, nao unakoleza, na krimu nyeupe au isiyo na rangi inauacha upite. Inayouzuia ni ile iliyotiwa rangi ya udongo kwa oksaidi ya chuma, ambayo kwa bahati nzuri ndiyo pia haituachi na uso wa majivu. Nilimtafutia yenye rangi inayokaribia yake. Haikuwa rahisi kuipata, na bei yake sitaitaja hapa kwa sababu kaka yangu husoma makala hizi.

Sababu ya kupaka krimu ni vizuri tuiseme wazi, maana matangazo yanaazima hofu ya watu wengine. Onyo la kujikinga na jua kila siku liliandikwa kwa ajili ya Wazungu, hasa wa nchi kama Australia, ambao saratani ya ngozi inawamaliza kwa sababu ya jua. Mtu mweusi pia hupata melanoma, mojawapo ya saratani mbaya zaidi za ngozi, lakini kwake huanzia mara nyingi kwenye nyayo, viganja au chini ya kucha, mahali ambapo jua halina habari napo. Bob Marley alifariki mwaka 1981 kwa saratani iliyoanzia kwenye kidole gumba cha mguu. Hakuna krimu ya jua ingemwokoa. Kwa hiyo kijana wa bodaboda akiniuliza apake SPF 50 mikononi ili asipate saratani, namwambia aweke pesa mfukoni, ila mstari mweusi chini ya ukucha usiosogea kadri ukucha unavyokua, au doa la unyayo linalopanuka, asiliache lipite mwezi bila kuonwa na daktari. Akiniuliza kwa ajili ya madoa ya chunusi usoni, hapo tutazungumza biashara.

Wako watu ambao maneno yangu haya hayawahusu kabisa. Mwenye ualbino hana melanini ya kumcheleweshea chochote. Anatengeneza vitamini kwa dakika chache anazotembea kwenda dukani, na jua la Kisumu litamletea saratani akiwa bado kijana. Kwake ni kofia pana, mikono mirefu na krimu, kila siku, bila majadiliano. Wa pili ni aliyejichubua. Krimu za kuchubua zenye zebaki, haidrokwinoni au steroidi huondoa kinga aliyozaliwa nayo na kuikonda ngozi yenyewe, kisha anakuja kunilalamikia kwamba jua siku hizi limekuwa kali. Jua ni lile lile. Wa tatu ni mwenye lupasi, ambaye jua linaweza kumwamshia ugonjwa. Yeye vitamini yake itoke kwenye chupa. Na wanaotumia dawa za kifafa kama fenitoini au kabamazepini kwa miaka, hao mwili unaivunja vitamini haraka kuliko kawaida, hata wakiota jua. Wamwombe daktari awaangalie.

Watoto wachanga wanahitaji maneno zaidi kidogo. Maziwa ya mama ni chakula kamili isipokuwa kwa jambo hili moja: yana vitamini D kidogo sana. Mtoto mweusi anayenyonya tu, anayekaa ndani ya chumba kimoja kisicho na dirisha la maana Nyalenda au Manyatta, akitoka amefunikwa blanketi hadi puani, anaweza kupata matege katikati ya ikweta. Kama matone ya vitamini yanapatikana, uniti 400 kwa siku zinatosha. Kama hayapatikani, basi lile jua la kuanika lisogezwe kutoka saa moja hadi karibu saa nne, dakika kumi hivi, kichwa kikiwa kivulini na miguu na mikono ikiwa nje. Mtoto akianza kulia kwa joto, ameshapata cha kutosha cha siku hiyo.

Lakini si kila matege ni ya jua. Mwaka 1999 madaktari waliokuwa wakifanya kazi Jos, Nigeria, walichapisha matokeo yaliyowashangaza wengi. Watoto wenye matege, wanaocheza juani siku nzima, waliopewa kalsiamu walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Chakula chao, nafaka asubuhi na jioni bila maziwa, kilikuwa na kalsiamu kama miligramu 200 tu kwa siku. Nikiona mtoto aliyeshaanza kutembea, anayecheza nje, miguu inapinda, swali langu la kwanza ni anakula nini. Ugali mweupe na chai ya rangi siku saba? Huku kwetu dawa iko sokoni kwa gorogoro: omena, inayoliwa na mifupa yake yote. Anayemtolea mtoto mifupa ya omena kwa upendo anamtolea kile hasa alichokinunulia. Isagwe, ichanganywe na uji. Na mtoto mwenyewe aonwe kliniki, maana kuna matege mengine yanayotokana na figo ambayo omena haitayagusa.

Nimebakiza ile namba 16, ambayo ndiyo iliyoanzisha yote. Alipimwaje? Hakuwa mgonjwa. Alikwenda maabara moja ya binafsi kwa kifurushi cha "uchunguzi wa mwili mzima," akalipa shilingi 4,500 za ziada kwa kipimo hicho kwa sababu mhudumu alimwambia watu weusi wote wana upungufu. Chama cha wataalamu wa homoni cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2024, kinashauri mtu mzima mwenye afya asipimwe vitamini D kwa mazoea, na kimewataja wenye ngozi nyeusi kwa jina, kwamba weusi si sababu ya kupimwa. Kipimo kina mahali pake kwa mwenye maumivu ya mifupa, mwenye misuli iliyolegea asiyeweza kuinuka kwenye kiti, mwenye ugonjwa wa figo, mwenye zile dawa za kifafa. Kwa wengine kinazaa mshale wa kushuka na wasiwasi wa kulala nao.

Na 16 si janga. Wataalamu wengi huita upungufu wa kweli unaoweza kulainisha mifupa kuwa ni chini ya 12, na 20 kwenda juu kuwa inatosha kwa watu wengi. Yeye alikuwa katikati, kwenye uwanja ambao mtu anarekebisha maisha bila kukimbia. Kwa bahati mbaya walikuwa wameshamwandikia sindano ya uniti 300,000. Nilimwomba aiache. Dozi kubwa namna hiyo kwa mtu asiye na ugonjwa haina sababu, na vitamini hii, tofauti na ya juani, haina breki: ikizidi kwa njia ya dawa huinua kalsiamu ya damu, mtu anakojoa ovyo, anatapika, anapata mawe ya figo. Kwa mtu mzima aliye ndani kutwa, uniti 600 hadi 1,000 kwa siku hazina ubishi, na asipite 4,000 bila daktari. Daktari wake alikubali vidonge vya uniti 1,000 kwa miezi mitatu.

Kilichobaki tulipanga kwenye ngazi za duka. Mwajiri wake anawapa mapumziko ya chai saa nne, dakika 20. Alikuwa anayatumia kukaa stoo na simu. Sasa anatoka na kikombe, anapandisha mikono ya blauzi hadi juu ya viwiko, anavua soksi ndefu, anazunguka jengo hadi upande wa nyuma ambako jua linapiga ukuta. Usoni ana krimu yake ya rangi, mililita moja nzima, na kofia ya majani aliyoinunua Kibuye. Wenzake walicheka wiki ya kwanza. Wiki ya tatu wawili walikuwa wanatoka naye, mmoja akiwa na mwavuli, jambo ambalo tumelijadili.

Atapimwa tena mwezi wa sita, kwa kuwa namba hiyo husogea polepole na kupima mapema ni kuitupia maabara pesa nyingine. Ikipanda hatutajua ni kidonge au ni ukuta wa nyuma ya duka, na hilo nimemwambia. Jana alinitumia picha nyingine, safari hii si karatasi. Ni kivuli chake mwenyewe kwenye sakafu ya saruji, kofia ikiwa kama sahani pana na miguu mifupi kama ya mtoto, saa ya simu juu ikionyesha saa nne na dakika 12.